Uchachu hauzai protini: kinachobadilika kweli kwenye uji na mtindi

Kwenye foleni ya kliniki ya watoto nilimsikia mama mmoja akimshauri aliyekaa pembeni yake. "Mdogo wangu, acha kumpa mtoto uji mtamu. Chachusha unga kwanza, protini inapanda." Mwenzake akauliza kama na maziwa ni hivyo hivyo. Akajibiwa kwamba mtindi ndio kabisa, una protini mara mbili ya maziwa mabichi. Muuguzi aliita namba, wakainuka, mazungumzo yakaishia hapo. Nimeyabeba kichwani tangu siku hiyo, kwa sababu ndani yake kuna kweli iliyochanganyika na kosa, na kuzitenganisha kunahitaji nafasi kubwa kuliko foleni.

Kosa ni hili: kuchachusha hakuongezi protini. Ukiweka gramu nane za protini kwenye sufuria ya unga na maji, ukafunika siku mbili, utakuta gramu nane zile zile au pungufu kidogo. Protini hujengwa kwa nitrojeni, na bakteria wa asidi laktiki, hao wanaotia uji na maziwa ukali, hawawezi kuichota nitrojeni hewani. Wanaitumia ile waliyoikuta chomboni. Chakula chao kikuu ni sukari, nao huigeuza kuwa asidi. Wakizaliana, miili yao nayo ni protini, ila wameijenga kwa vipande vya protini ya unga wako au maziwa yako. Ni kama kubomoa kibanda ili kwa matofali yale yale ujenge banda la kuku. Matofali hayajaongezeka.

Basi kwa nini majedwali ya maabara mara nyingi yanaonyesha unga uliochachushwa ukiwa na asilimia kubwa zaidi ya protini? Sababu iko kwenye namna ya kupima. Njia ya kawaida ni ile iliyoanzishwa na Mdenishi Johan Kjeldahl mwaka 1883. Unapima nitrojeni yote iliyomo kwenye chakula, kisha unazidisha kwa 6.25, na jibu linaitwa protini. Hesabu hufanywa kwa kila gramu 100 za chakula kilichokaushwa. Sasa chukua gramu 100 za unga wenye gramu 8 za protini. Wakati wa kuchachuka, hamira za asili na baadhi ya bakteria hugeuza sehemu ya wanga kuwa hewa na kilevi kidogo, navyo hupotea, kimoja kwenye mapovu na kingine kwenye kukausha. Tuseme zimebaki gramu 95. Protini bado ni gramu 8, lakini 8 kwa 95 ni asilimia 8.4. Namba imepanda, protini haikupanda. Ukinunua kilo ya dagaa wabichi ukawaanika, kila gramu ya waliokauka itakuwa na protini nyingi kuliko gramu ya wabichi, lakini hakuna dagaa mpya aliyeingia kwenye mkeka.

Tuanze na maziwa, maana yana hesabu rahisi kuliko uji.

Lita ya maziwa ya ng'ombe ina protini gramu 33 hivi. Kwenye kila gramu tano za protini hiyo, nne ni kaseini, na moja ni protini laini zinazokaa kwenye maji ya maziwa. Kaseini haijayeyuka kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai. Inaelea kwa vifundo vidogo mno ambavyo vinasukumana, kila kimoja kikimkwepa mwenzake, na ndiyo maana maziwa mabichi hutiririka. Bakteria wanapokula sukari ya maziwa na kutoa asidi, pH, kipimo cha ukali ambacho hushuka kadiri asidi inavyoongezeka, hutoka kama 6.7 kuelekea 4.6. Kadiri inavyoshuka, ule msukumano unapungua hadi kwisha. Vifundo vinashikana na kufanya wavu unaonasa maji na mafuta ndani yake. Huo ndio mgando.

Kwa hiyo mtindi ukiwa mzito, macho yanadanganyika. Tunadhani kitu kizito kimebeba zaidi. Lakini lita moja iliyoganda ndani ya kibuyu ina zile zile gramu 33, sasa zimesimama badala ya kuelea. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtindi wa Tanzania, kwa maziwa lala ya Kenya, na kwa mursik ya Wakalenjin inayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Mkaa huo una kazi zake za harufu, rangi na ladha, lakini protini hauleti.

Mara mbili ya yule mama inaweza kutokea kweli, ila kwa njia nyingine: kuchuja. Mimina lita ya mtindi kwenye kitambaa safi, uning'inize. Tuseme yametoka maji mililita 400. Yale maji ya kijanikijani yana protini karibu gramu 0.8 kwa kila mililita 100, kwa hiyo yameondoka na gramu 3 hivi. Kwenye kitambaa zimebaki gramu 30, zimejibana ndani ya mililita 600. Zamani mililita 100 zilibeba gramu 3.3, sasa zinabeba gramu 5. Endelea kuchuja na utafika mara mbili, hata zaidi. Kwa kijiko umepata faida, kwa lita umepata hasara, na hasara hiyo imemwagwa kwenye karo. Protini za kwenye maji yale si za daraja la chini. Zina laisini nyingi, kimoja cha vipande vinavyojenga protini, nami nitairudia laisini baadaye kwa kuwa ndiyo roho ya jambo hili lote. Anayechuja apikie maji yale uji, au ayanywe.

Mtindi wa dukani nao unaweza kuzidi maziwa kwa sababu nyingine. Baadhi ya viwanda huongeza maziwa ya unga kabla ya kugandisha ili uwe mzito. Hapo protini imeongezwa na unga, si na bakteria. Na wapo wanaofanya kinyume, yaani wanaongeza maji na kitu cha kushikilia uzito. Ndiyo maana nasisitiza watu wasome kwenye pakiti mstari wa protini kwa gramu 100, wasitegemee jinsi kijiko kinavyosimama. Ikiwa chini sana ya gramu 3, huenda maziwa yameongezewa kitu kisicho na protini.

Na kuondoa siagi? Hilo linawatia wengi wasiwasi bila sababu. Siagi ni mafuta. Maziwa makali yanayobaki kibuyuni baada ya kusukasuka yana karibu protini yote iliyokuwamo.

Je, protini ya mtindi humeng'enywa vizuri kuliko ya maziwa mabichi? Kidogo sana. Protini ya maziwa tayari ni kati ya zile zinazomeng'enywa vizuri kuliko zote tunazokula; karibu asilimia 95 huingia mwilini. Bakteria wakiikatakata kidogo kabla hujainywa, wanakusaidia kazi ambayo tumbo lako lingeimaliza. Tena tumbo lenyewe hugandisha maziwa mabichi dakika chache baada ya kuyameza, kwa asidi yake. Kinachobadilika hasa kwa wanywaji wa mtindi ni sukari ya maziwa. Sehemu yake imeshaliwa, na bakteria hao hao wanasaidia kuvunja iliyobaki tumboni. Mtu mzima ambaye glasi ya maziwa humjaza gesi na kumpeleka chooni anaweza kunywa mtindi akatulia. Mtu huyo atapata protini nyingi kutoka kwenye mtindi kwa sababu moja ya wazi: anaweza kumaliza glasi.

Sasa uji, na hapa mambo yananoga.

Lazima kwanza tukubali udogo wa kinachojadiliwa. Uji wa kunywa una unga kama gramu 100 kwa lita. Ukizidisha hapo unakuwa mzito usionyweka. Kikombe cha robo lita basi kina gramu 25 za unga, na unga wa mahindi wenye asilimia 8 ya protini unatoa gramu 2. Ulezi hutoa kidogo chini ya hapo, mtama hupanda hadi gramu 2.5. Kikombe hicho hicho cha maziwa, yawe mabichi au yameganda, kina gramu 8. Ukiilinganisha mizani hii utaona kwamba swali la uji umechachuka au haujachachuka linahusu sehemu ya gramu mbili. Si jambo la kupuuza kwa mtoto mdogo, lakini lisifunike lile kubwa.

Ndani ya gramu mbili hizo, swali halisi ni ngapi zinapita ukuta wa utumbo na ngapi zinatoka na choo. Na jibu linategemea nafaka. Mtama ni kesi ya pekee. Protini zake nyingi zimefungwa pamoja kwa vifundo vigumu, na moto unapopika uji, vifundo hivyo hukazana zaidi badala ya kulegea. Nafaka nyingine haziathiriki kiasi hicho. Mwaka 1981 yalichapishwa matokeo ya kipimo kilichofanywa Peru kwa watoto waliolishwa uji wa mtama uliopikwa kwa njia ya kawaida: waliweza kufyonza asilimia 46 tu ya nitrojeni yake. Zaidi ya nusu ya protini ilipita moja kwa moja.

Hapa ndipo uchachu unapofanya kazi yake ya heshima. Unga wa mtama ukiachwa uchachuke kabla ya kupikwa, asidi hulegeza umbo la zile protini, na moto unapokuja haupati nafasi ya kuzikaza kama awali. Vimeng'enya vya tumbo, hasa pepsini, hupata pa kushika. Wilbald Lorri wa Tanzania na Ulf Svanberg wa Uswidi walichapisha mwaka 1993 vipimo vyao vya maabara juu ya uji wa nafaka uliochachushwa kwa bakteria wa asidi laktiki, wakaonyesha kwamba protini yake humeng'enywa vizuri zaidi. Lakini vilikuwa vipimo vya maabara, yaani uji uliwekwa pepsini kwenye chombo cha kioo. Vinaonyesha mwelekeo, havikupi hesabu kamili ya tumbo la mtoto wako.

Mtama mwekundu na ulezi vina kikwazo kingine, tanini, ile inayofanya ulimi ukauke kama umetafuna ndizi mbichi. Tanini hushika protini na kuikataza isivunjike. Kuchachusha kunaipunguza kwa kiasi, ila haiishi. Ukiwa na uchaguzi, mtama mweupe utakupa zaidi kuliko mwekundu uliochachushwa kwa siku nyingi. Kukoboa nako kunaondoa tanini, kwa kuwa imekaa kwenye ganda, lakini unaondoka na vitu vingine pamoja nayo.

Mahindi hayana shida ya mtama. Protini yake humeng'enywa vizuri hata bila kuchachushwa. Tuseme kwa mfano kwamba uchachu unaipandisha kutoka asilimia 80 hadi 85. Kwa kikombe chenye gramu 2 umeokoa gramu 0.1. Kijiko kimoja cha chakula cha maziwa kina gramu 0.5. Kwa mtama, tuseme kutoka 50 hadi 70, kikombe cha gramu 2.5 kinaokoa gramu 0.5, yaani sawa na kijiko hicho. Nimeweka namba hizi za mfano ili msomaji aone ukubwa wa kila jambo kwa macho yake. Anayekula mtama ana sababu nzuri ya kuchachusha kwa ajili ya protini. Anayekula mahindi ana sababu nyingine nzuri, kama ladha na usalama, ila protini si ya kwanza.

Kabla sijaenda kwenye laisini, kuna kitu ambacho mara nyingi huchanganywa na uchachu, nacho ni kimea. Pale Tanzania wanapotengeneza togwa, wanapika uji, wanauacha upoe hadi kidole kiweze kuvumilia, ndipo wanatia unga wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Dakika chache baadaye uji uliokuwa mzito kama wa kumega unakuwa mwepesi wa kunywa. Vimeng'enya vya kimea vimekatakata wanga. Baadaye ndipo uchachu unaingia. Watu wanaona uji umelainika na umekuwa mkali, wanaupa uchachu sifa zote mbili. Lakini asidi peke yake hailainishi uji kiasi hicho. Ni kimea.

Na kimea ndicho kinachoweza kuzidisha protini ya kikombe kwa kweli, kwa sababu kinakuruhusu kuongeza unga. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilishughulikia jambo hili kwa ajili ya watoto wanaoachishwa ziwa, ambao tumbo lao dogo hujaa maji kabla halijajaa chakula. Weka gramu 200 za unga kwa lita badala ya 100. Bila kimea utapata kitu cha kumeza kwa shida. Tia kijiko cha chakula cha kimea kwa kila nusu lita uji ukiwa wa moto wa kuvumilika, koroga, na mtoto anaunywa. Kikombe kile kile sasa kina gramu 4 badala ya 2. Kisha uchemshe tena upesi, kwa kuwa kimea chenyewe kimeota kwenye unyevu na hubeba vijidudu. Kosa la kawaida ni kutia kimea uji ukiwa unachemka. Vimeng'enya hufa papo hapo, uji unabaki mzito, na mtu anasema kimea chake kibaya.

Upande wa pili wa shilingi ni maji yanayomwagwa. Unga ulioloweka siku mbili hutua chini, juu hubaki maji makali. Wengi huyamwaga ili kupunguza ukali. Kwenye maji hayo zimo protini na asidi amino, yaani vipande vya protini, zilizoyeyuka, hasa zile ambazo uchachu ndio umezilegeza. Mtu amesubiri siku mbili, kisha kazi ya bakteria anaitupa kwenye mchanga. Ukali ukizidi, punguza muda wa kulaza. Dar es Salaam wakati wa joto saa 24 zinatosha. Mbeya au Njombe wakati wa baridi unaweza kuhitaji siku mbili au tatu.

Laisini sasa. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na tisa kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza. Ikipungua moja, nyingine zote hukwama, kama fundi mwenye mbao na misumari tele asiye na bawaba: mlango haufungwi. Kwa nafaka zetu bawaba hiyo ni laisini. Gramu moja ya protini ya mahindi ina laisini miligramu 28 hivi, mtama una pungufu ya hapo, maziwa yana karibu 78.

Mchukue mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mwenye kilo 12. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yanampa hitaji la laisini miligramu 45 kwa kila kilo, yaani 540 kwa siku, na protini yote gramu 12 hivi. Kikombe cha uji wa mahindi chenye gramu 2 za protini kina laisini miligramu 56. Vikombe vitatu kwa siku, na vitatu ni vingi kwa tumbo hilo, vinafika 168. Hajafikia hata theluthi. Chachusha uji huo. Wapo watafiti waliopima wakaona laisini ya unga wa mahindi uliochachushwa ikipanda kiasi, na sina sababu ya kuwakatalia. Lakini hata ukiipandisha kwa robo nzima, kikombe kinafika miligramu 70, na vikombe vitatu 210. Shimo halijazibika.

Sasa tia nusu glasi ya maziwa, mililita 100, mabichi yaliyochemshwa au mtindi, haijalishi. Umeongeza gramu 3.3 za protini na laisini karibu miligramu 257. Nusu glasi hiyo imeshinda vikombe vinne vya uji. Na laisini hiyo inazikwamua asidi amino nyingine za uji zilizokuwa zimekwama, kwa hiyo protini ya mahindi yenyewe inaanza kutumika vizuri zaidi. Pale nyumbani ambapo maziwa hayapatikani kila siku, unga wa maharage au wa karanga uliokaangwa na kusagwa hufanya kazi ya aina hiyo, ingawa maharage yana laisini nyingi na karanga ina kidogo. Kama ni kuchagua kwa ajili ya uji, chagua maharage au soya iliyopikwa vizuri.

Kuna faida moja ya uchachu kwa protini ambayo haionekani kwenye jedwali lolote la chakula, nami naipa uzito mkubwa kuliko zile za kumeng'enya mahindi. Mtoto anayeharisha hupoteza protini, hula kidogo, na mwili wake hutumia iliyopo kupigana na maradhi. Uji mtamu uliowekwa kwenye chupa tangu asubuhi ni shamba la vijidudu ifikapo mchana. Uji uliochachuka hadi pH 4 au chini ya hapo hauvikaribishi hivyo. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta vijidudu vya kuharisha vichache zaidi kwa watoto waliokuwa wakipewa uji uliochachushwa. Protini isiyopotea ni protini.

Ila uchachu huu lazima uwe ule unaotakiwa, na lugha yetu inatuchanganya hapa. Tunasema maharage yamechacha tukimaanisha yameharibika, na tunasema uji umechachuka tukimaanisha uko tayari. Kwenye kuharibika, bakteria wengine wanaishambulia protini yenyewe na kuivunja hadi kuwa hewa zenye uvundo. Hiyo ni protini inayopotea kweli, na pua ndiyo kipimo chake. Uchachu mzuri unanukia ukali safi, kama wa ndimu au siki nyepesi, na mapovu yake ni madogo. Ukisikia harufu ya yai bovu, jibini iliyooza au choo, ukiona utando wa rangi, ute unaovutika au ukungu, mwaga. Kupika hakurudishi kilichoharibika, na sumu ya ukungu haiondoki kwa moto wala kwa uchachu.

Maziwa yana mtego wake. Watu wanajua, na ni sahihi, kwamba maziwa mabichi yachemshwe kwanza, kwa kuwa uchachu hauaminiki kuua vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Kuchemsha hakuondoi protini ya maana. Baadhi ya protini za kwenye maji hushikana na kaseini, na mgando unakuwa imara zaidi. Lakini maziwa yaliyochemshwa yamepoteza bakteria wake wazuri. Ukiyaacha tu mezani ukitumaini yataganda, wanaoamka ni wale waliostahimili moto kwa kujifunga kwenye mbegu zao. Hao hukata protini vipande vichungu. Kesho yake utakuta yamekatika huku hayana ukali, na ladha yake ni chungu. Huo si mtindi. Baada ya kuchemsha, acha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha tia vijiko viwili vitatu vya mtindi mzuri wa jana kwa kila lita, funika, acha usiku mzima. Nao mtindi mzuri ukikaa siku nyingi mno kwenye joto unaanza kuwa na uchungu, kwa sababu ile ile ya protini kukatwakatwa.

Jambo la mwisho linatokea jikoni karibu kila anayejaribu kuunganisha vitu hivi viwili. Unapika uji mchachu, unamimina maziwa mabichi ukiwa unachemka, na maziwa yanakatika chembechembe. Nimeona wengi wakimwaga sufuria nzima wakidhani yameharibika. Ni kaseini tu imekutana na asidi kwa ghafla, kama ilivyokutana nayo polepole ndani ya kibuyu. Protini yote imo ndani ya zile chembe. Ukitaka uji laini, ipua kwanza, uache utulie, kisha koroga mtindi badala ya maziwa, kwa sababu wenyewe umeshaganda na hauna cha kukatika zaidi kwa asidi ya uji. Au mnyweshe mtoto uji wake, na maziwa umpe kando kwenye kikombe chake.